Tagi ya Toleo Haiendi Yenyewe

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anapiga simu. Mfumo wa mauzo aliofungiwa unakosea risiti: mteja aliyeahidiwa punguzo la asilimia tano anapunguziwa mara mbili, na hasara ni ya duka. Fundi anauliza swali ambalo kila fundi huanza nalo: chini ya skrini pameandikwa toleo gani? Anajibiwa kuwa ni 1.4.0.

Kazi inaanzia hapo. Tangu mfumo ule ufungwe dukani, msimbo wake umeshabadilishwa mara nyingi. Kuna ripoti mpya, nembo mpya, na huenda hata hilo kosa la punguzo lilishaondolewa na mtu aliyekuwa akirekebisha kitu kingine. Fundi akitafuta kosa kwenye msimbo wa leo anaweza kumaliza siku nzima bila kuliona, kwa kuwa anaangalia kitu ambacho mwenye duka hana. Anachohitaji ni msimbo wa siku ile, herufi kwa herufi.

Watengeneza programu wengi huhifadhi msimbo wao kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Kila hatua ya kazi inayohifadhiwa humo huitwa komiti, na kila komiti hupewa utambulisho wa herufi na tarakimu 40. Hakuna binadamu anayekariri utambulisho kama huo, wala hakuna mwenye duka atakayeusoma kwenye simu. Ndiyo maana kuna tagi: jina fupi, mathalani `v1.4.0`, linalofungwa kwenye komiti moja. Tawi la kazi kama `main` husogea mbele kila komiti mpya inapoongezwa, lakini tagi hubaki pale ilipofungwa. Fundi mwenye tagi hiyo anaandika `git checkout v1.4.0`, na msimbo wa siku ile unarudi mbele yake.

Mpaka hapo mambo ni mepesi. Tatizo ni kwamba Git ina tagi za aina mbili. Kwenye orodha zinafanana kabisa, na tofauti yake huonekana siku jambo linapoharibika.

Aina ya kwanza ni tagi nyepesi. Inatengenezwa kwa amri fupi kuliko zote:

```
git tag v1.4.0
```

Ukifungua folda ya `.git/refs/tags` baada ya amri hiyo, kwa kawaida utakuta faili dogo lenye jina la tagi, na ndani yake mstari mmoja tu:

```
9c41e7b0d3a85f6217c4e98ab05d72f163ce4a9d
```

Huo ni utambulisho wa komiti, basi. Faili halisemi nani aliyeweka tagi, lini, wala kwa nini. Ukitaka kujua tarehe, Git itakupa tarehe ya komiti yenyewe, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tuseme komiti iliandikwa Alhamisi, ikajaribiwa Ijumaa na Jumamosi, na toleo likatangazwa Jumatatu. Tagi nyepesi itakuonyesha Alhamisi, na Jumatatu haimo popote.

Aina ya pili ni tagi yenye maelezo. Hii huongezewa `-a`, na maelezo yake huandikwa baada ya `-m`:

```
git tag -a v1.4.0 -m "Toleo 1.4.0: punguzo na ripoti ya mwezi"
```

Safari hii Git haiandiki mstari mmoja tu. Inatengeneza kitu kamili ndani ya hazina yake, chenye utambulisho wake chenyewe tofauti na ule wa komiti. Unaweza kukisoma kwa amri ya `git cat-file -p v1.4.0`:

```
object 9c41e7b0d3a85f6217c4e98ab05d72f163ce4a9d
type commit
tag v1.4.0
tagger Fundi <fundi@example.com> 1748851200 +0300

Toleo 1.4.0: punguzo na ripoti ya mwezi
```

Mstari wa kwanza unataja komiti inayohusika, wa pili unasema kitu hicho ni komiti, na wa tatu ni jina la tagi. Wa nne ndio wenye uzito: jina na anwani ya aliyeweka tagi, kisha wakati. Ile namba ndefu ni sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, na `+0300` ni saa za Afrika Mashariki. Ukizihesabu unapata Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa tano asubuhi. Tagi nyepesi ni alama ya chaki juu ya gunia. Hii ni hati ya mzigo, yenye jina la mpelekaji, tarehe na maelezo ya kilichomo.

Hati hiyo ina mpaka wake, na ni vizuri kuujua mapema. Jina lililo kwenye mstari wa nne ni lile alilojaza mwenyewe mtu kwenye mipangilio ya Git, na hakuna anayelihakiki. Anayetaka uthibitisho hutumia `-s` badala ya `-a`, na tagi ikatiwa saini kwa ufunguo wake wa siri. Wengine huikagua kwa `git tag -v`. Matoleo ya Linux hutolewa kwa tagi za namna hii. Seva za kernel.org zilipovamiwa mwaka 2011, hoja ya saini ilipata nguvu mpya, na Git 1.7.9 ya mwaka 2012 ikarahisisha kupokea kazi ya wenzako kupitia tagi zenye saini. Tagi nyepesi haiwezi kutiwa saini, kwa kuwa haina mwili wa kuibeba.

Ukishasahau ni ipi uliyoweka, kuna kipimo cha haraka:

```
git cat-file -t v1.4.0
```

Jibu likiwa `tag`, ni yenye maelezo. Likiwa `commit`, ni nyepesi: Git imepitiliza jina moja kwa moja hadi kwenye komiti, kwa sababu katikati hamna kitu.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya makarani, na kwamba jina tu linatosha. Wengi huishi hivyo miaka mingi bila shida. Lakini Git yenyewe huzitendea tagi hizi mbili tofauti, na mahali pa kwanza pa kuliona hilo ni kwenye ile namba ya toleo iliyo chini ya skrini ya mwenye duka.

Miradi mingi haiandiki namba hiyo kwa mkono. Wakati programu inafungashwa, hati ya ufungashaji huita `git describe`, ambayo hutafuta tagi iliyo karibu zaidi na komiti ya sasa na kurudisha jina lake. Komiti ikiwa ndiyo yenyewe iliyofungwa tagi, jibu ni `v1.4.0` tupu. Ikiwa imeisogelea mbele kidogo, jibu huongezewa hesabu ya komiti zilizopita tangu tagi hiyo na mwanzo wa utambulisho. Sasa tuseme toleo la 1.3.0 lilipewa tagi yenye maelezo, halafu aliyetoa 1.4.0 akasahau `-a`. Amri inarudisha hivi:

```
v1.3.0-27-g9c41e7b
```

Maana yake: komiti 27 baada ya v1.3.0, na herufi g inaashiria Git. Tagi ya v1.4.0 iko palepale, juu ya komiti hiyohiyo, lakini `git describe` imeipita kana kwamba haipo. Kwa kawaida amri hii huangalia tagi zenye maelezo tu. Zile nyepesi inazihesabu kuwa alama za mtu binafsi, na ukitaka izitazame lazima uongeze `--tags`. Kwa hiyo mwenye duka anafungiwa toleo jipya lenye maandishi ya ajabu chini ya skrini, na fundi anayepokea simu anadhani duka liko kwenye 1.3.0. Ukiona maandishi ya namna hiyo kwenye programu iliyotangazwa kuwa toleo kamili, aina ya tagi ndicho kitu cha kwanza cha kushuku.

Tuseme tagi imewekwa vizuri. Bado iko kwenye kompyuta moja tu.

Hili huwashangaza hata watu waliokwisha kuzoea Git. Unaweka tagi, unaandika `git push`, kazi inapanda kwenye seva, hakuna kosa lolote linaloonyeshwa, na tagi haijaenda. Amri ya kawaida ya kusukuma hupeleka tawi na komiti zake. Tagi huachwa nyuma kwa makusudi. Mwenzako akivuta kazi hataiona. Seva iliyopangwa kufungasha toleo kila inapopokea tagi mpya itakaa kimya, na timu itapoteza saa nzima ikichunguza mipangilio ya seva isiyo na kasoro. Kabla ya kugusa seva, iulize ina tagi zipi:

```
git ls-remote --tags origin
```

Kama jina halimo kwenye jibu, halijafika. Likiwemo, amri hii inakuonyesha na aina yake pia: tagi yenye maelezo huja kwa mistari miwili, mmoja wenye jina tupu na mwingine unaoishia na `^{}`. Wa kwanza ni utambulisho wa ile hati, wa pili ni wa komiti iliyotajwa ndani yake. Tagi nyepesi ina mstari mmoja.

Njia salama ya kuipeleka ni kuitaja kwa jina:

```
git push origin v1.4.0
```

Seva ikijibu `[new tag]`, imefika. Wapo wanaopendelea `git push origin --tags`, na mimi siipendi. Amri hiyo hupeleka kila tagi iliyo kwenye kompyuta yako. Watu huweka tagi za kujikumbusha mahali walipofika kabla ya kubomoa kitu: `jaribio`, `kabla-ya-kubadili`, `jana-ilifanya-kazi`. Zote zitapanda, na mwenzako atakayevuta zitamwingilia na yeye. Ukizifuta kwenye seva, bado zitabaki kwenye kompyuta za waliozivuta, na siku mmoja wao akitumia `--tags` zitarudi tena.

Njia ya katikati ilikuja na Git 1.8.3 mwaka 2013: `git push --follow-tags`. Hii hupeleka tawi pamoja na tagi zinazohusu komiti za tawi hilo, kwa sharti kwamba ziwe na maelezo. Tagi zako nyepesi za kujikumbusha zinabaki nyumbani. Anayetaka iwe desturi huandika mara moja:

```
git config --global push.followTags true
```

Kuanzia hapo `git push` ya kawaida itabeba tagi zenye maelezo. Lakini aliyesahau `-a` hataambiwa kitu. Tagi yake nyepesi itaachwa nyuma kimyakimya, naye ataamini imekwenda kwa sababu ya wiki iliyopita ilikwenda.

Kuna ajali nyingine ambayo haisemwi sana. Fundi anaandika `git push origin main v1.4.0`, akitaka tawi na tagi viende pamoja. Dakika chache kabla yake mwenzake amesukuma komiti yake kwenye `main`. Seva inakataa tawi, kwa sababu halijajumuisha kazi ya mwenzake, lakini inapokea tagi. Mstari mmoja wa jibu unasema `[rejected]`, mwingine `[new tag]`. Fundi anaangalia ule wa kukataliwa, anaandika `git pull --rebase`, anasukuma tena, safari hii inakubali, anakwenda kunywa chai.

Kilichotokea ni hiki. Kitendo cha `--rebase` kimeandika upya komiti zake juu ya ile ya mwenzake, na komiti iliyoandikwa upya ni komiti nyingine, yenye utambulisho mwingine. Tagi ya v1.4.0 haikuhama. Imebaki kwenye komiti ya zamani, ambayo sasa haimo kwenye tawi lolote na haina marekebisho ya mwenzake. Toleo litafungashwa kutoka kwenye komiti hiyo yatima, na kila atakayesoma historia ya `main` atashindwa kuelewa kwa nini marekebisho yanayoonekana pale hayafanyi kazi dukani. Ili kujua kama limekupata, andika:

```
git branch -r --contains v1.4.0
```

Ikitoka tupu, tagi haiko kwenye tawi lolote la seva unalolijua. Kinga yake ni kuongeza `--atomic` kwenye amri ya kusukuma, ili seva ipokee vyote au ikatae vyote. Au sukuma tawi peke yake kwanza, hakikisha limepokelewa, ndipo uweke tagi na kuisukuma. Mimi hufuata hiyo ya pili. Ni amri moja zaidi, lakini hainipi cha kufikiri.

Na ajali ikishatokea, je? Mkono unavutwa moja kwa moja kwenye `--force`: futa tagi, iweke upya mahali sahihi, isukume kwa nguvu. Git hupinga. Ukijaribu kusukuma tagi yenye jina ambalo seva inalo tayari kwa kitu kingine, itakukatalia na kukuambia `already exists`. Nguvu inaweza kuuvunja upinzani huo kwenye seva, lakini haifiki kwenye kompyuta za wenzako. Mwenzako aliyeipata v1.4.0 ya kwanza anapovuta kwa `git fetch` ya kawaida, Git haigusi tagi aliyonayo. Tangu Git 2.20, akivuta kwa `--tags` ataona onyo la `would clobber existing tag`, na tagi yake ya zamani itabaki vilevile mpaka ailazimishe mwenyewe. Kuanzia hapo timu ina v1.4.0 mbili tofauti, na ile simu ya mwenye duka haina tena jibu moja.

Maelekezo ya Git yenyewe yako wazi juu ya hili: kama tagi imeshatoka na ina makosa, kiri kosa na utumie jina jipya. Toa v1.4.1. Namba hazilipiwi. Kama haijatoka kwenye kompyuta yako, ifute kwa `git tag -d v1.4.0` na uiweke upya, hakuna aliyeiona.

Ubaya wa tagi inayohamishwa ulionekana dunia nzima Machi 2025. Kifaa kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na hazina za msimbo zaidi ya 23,000 kwenye GitHub, kilivamiwa. Wavamizi hawakutoa toleo jipya. Walichukua tagi za matoleo ya zamani, zile ambazo watu walikuwa wameziamini kwa muda mrefu, wakazisogeza zote zielekee kwenye komiti moja yenye msimbo wa kuiba. Miradi iliyoita kifaa hicho kwa jina la tagi ilivuta msimbo huo bila kubadilisha herufi moja upande wake, na nywila zake za siri zikamwagwa kwenye kumbukumbu za seva. Waliokitaja kwa utambulisho kamili wa komiti, herufi 40, hawakuvuta komiti ile ya wavamizi. Tagi zenye maelezo peke yake zisingezuia hilo, kwa kuwa anayeruhusiwa kuandika kwenye hazina anaweza kuhamisha aina zote mbili. Kinachozuia ni seva kupangwa ikatae kubadilishwa au kufutwa kwa tagi za matoleo, na mpangilio huo upo kwenye GitHub na kwenye GitLab.

Kama unatunza mradi wowote, hata wa duka moja, piga amri hii leo:

```
git for-each-ref --format='%(objecttype) %(refname:short)' refs/tags
```

Kila mstari unaoanza na `commit` ni tagi nyepesi. Zile ambazo hazijatoka kwenye kompyuta yako unaweza kuzifuta na kuziweka upya kwa `-a`. Zilizokwisha kufika kwenye seva, na ambazo watu wameshazivuta, ziache kama zilivyo: kuzigeuza ni kuzihamisha, na umeona kinachofuata. Anza kutumia `-a` kwenye toleo lijalo.